Kijerumani: kwa nini kitenzi hubaki mwisho baada ya «weil» na «dass», na namna ya kuuzoeza ulimi

Jioni moja huku Kadutu, mjini Bukavu, mama muuguzi ninayemfundisha Kijerumani aliandika ubaoni: *Ich komme nicht, weil ich muss arbeiten*. Alitaka kusema haji kwa sababu lazima afanye kazi. Nikaifuta *muss*, nikaiandika upya mwisho kabisa: *weil ich arbeiten muss*. Akatazama ubao, akatikisa kichwa: «Mwalimu, hii verbu njo imekimbilia wapi tena?»

Kwa muda mrefu nilikuwa najibu swali hilo vibaya. Nilikuwa nasema: ni sheria, baada ya *weil* kitenzi kinasukumwa mwisho, shika hivyo hivyo. Mwanafunzi anashika, anafanya zoezi vizuri, halafu akifungua mdomo barabarani anarudi kwenye *weil ich muss*. Kosa lilikuwa kwenye maelezo yangu. Kitenzi hakikukimbia wala hakikusukumwa. Mwisho wa sentensi ndiko kwao. Kinachosafiri ni kitenzi cha sentensi ya kawaida, ile tuliyofundishwa kwanza tukadhani ndiyo ya asili.

Sisi wa Bukavu jambo hili linatutatiza kwa sababu Kiswahili na Kifaransa, lugha mbili tulizosomea, hazigusi mpangilio. «Ninafanya kazi leo», «kwa sababu ninafanya kazi leo»: umeongeza maneno mbele, mengine yote yamekaa palepale. Kwa hiyo tunatarajia *weil* nayo iongezwe tu kama kofia kichwani. Kijerumani hakivai kofia namna hiyo.

Kitenzi kwao ni wapi

Angalia karatasi ambayo Mjerumani anabandika jikoni ili asisahau shughuli zake. Ataandika hivi:

Brot kaufen
Mutter anrufen
um fünf aufstehen

Yaani: mkate kununua, mama kupigia simu, saa kumi na moja alfajiri kuamka. Hakuna nafsi wala wakati, ni kitenzi kitupu pamoja na vitu vyake, na kitenzi kiko mwisho kila mara. Hakuna anayeandika *kaufen Brot*. Hapo ndipo kitenzi kinapolala wakati hakuna kinachokiita.

Sasa sentensi kamili ya kawaida, yaani kishazi kikuu, ina kiti kimoja cha mbele ambacho hakiruhusiwi kubaki wazi. Kwenye taarifa ni kiti cha pili, nyuma ya kitu cha kwanza kilichotajwa. Kitenzi kilichobeba nafsi kinaitwa kutoka nyuma kuja kukikalia: *Ich kaufe Brot.* *Heute kaufe ich Brot.* Lakini kama kiunganishi *weil*, *dass*, *wenn* au *ob* kimetangulia kukaa pale, kitenzi hakina pa kukaa, kinabaki nyumbani kwake: *weil ich Brot kaufe*. Ni kama teksi ya kwenda Nyawera: aliyewahi kiti cha mbele amewahi, wewe unabanana nyuma na wenzako. Wanasarufi wa Kijerumani huziita sehemu hizi mbili, kile kiti cha mbele na ule mwisho, mabano ya sentensi, bano la kushoto na bano la kulia.

Asiyeamini afanye jaribio hili. Sema: *Wenn es heute Abend regnet, bleiben wir zu Hause*, yaani mvua ikinyesha jioni hii tutabaki nyumbani. Kijerumani kinaruhusu kuiacha *wenn* kabisa, hasa katika maandishi. Ukiiacha, sentensi inakuwa: *Regnet es heute Abend, bleiben wir zu Hause.* Ona *regnet* ilipokwenda: imeingia palepale *wenn* ilipotoka. Kiti kilibaki wazi, kitenzi kikaitwa. Na *dass* ni vilevile. *Ich glaube, dass er krank ist*, yaani naamini kwamba anaumwa. Iondoe *dass*, upate *Ich glaube, er ist krank*. Kiunganishi kimeshuka, kitenzi kimepanda.

Mkilielewa hilo, mtaona jambo ambalo vitabu vingi havilisemi: kishazi tegemezi, yaani kile kinachoanza na *weil*, *dass* na wenzao, ndicho rahisi, kwa sababu ndani yake hakuna kinachohama. Kazi ya kuhamisha iko kwenye kishazi kikuu.

Hatua ya kwanza: jifunze kitenzi pamoja na mzigo wake, kwa mtindo wa karatasi ya jikoni

Usiandike kwenye kaye yako *arbeiten = kufanya kazi*. Andika *im Krankenhaus arbeiten*, kufanya kazi hospitalini. Usiandike *fahren*, andika *nach Goma fahren*. Ukishika kifungu kizima, umekwisha kushika mpangilio wa kishazi tegemezi bila kujua.

Halafu kuna zawadi ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo na hatuitumii. Soma kifungu hiki:

*morgen mit dem Boot nach Goma fahren wollen*

Sasa kisome kutoka nyuma kuja mbele, ukitafsiri kila kipande: *wollen*, kutaka; *fahren*, kusafiri; *nach Goma*, kwenda Goma; *mit dem Boot*, kwa boti; *morgen*, kesho. Kutaka kusafiri kwenda Goma kwa boti kesho. Ni Kiswahili kilichonyooka. Mpangilio wa Kijerumani kwenye kifungu cha namna hii ni Kiswahili kinachotazamwa kwenye kioo. Mama muuguzi alipoliona hilo aliniomba nifute ubao wote, akatunga vifungu sita mwenyewe kwa kuanzia mwisho.

Kioo hiki kina nyufa, nisiwadanganye. Ndani ya kipande kimoja maneno hayageuki: ni *nach Goma*, siyo *Goma nach*. Mtendaji naye anabaki mbele. Na vikiwa vitu viwili, anayepewa na kinachotolewa, kioo kinakosea: Wajerumani wanasema *dem Kind die Tablette geben*, na ukigeuza unapata «kumpa kidonge mtoto», wakati sisi tunasema kumpa mtoto kidonge. Lakini kwa mahali, wakati, chombo cha usafiri na vitenzi viwili vinavyofuatana, kioo kinafanya kazi nzuri.

Hatua ya pili: weka «weil ich» mbele, nyambua neno la mwisho palepale lilipo

Chukua kifungu, ongeza kiunganishi na mtendaji mbele, kisha badilisha umbo la neno la mwisho tu. Usihamishe kitu.

im Krankenhaus arbeiten → weil ich im Krankenhaus arbeite
jeden Tag Deutsch lernen → weil ich jeden Tag Deutsch lerne
heute keine Zeit haben → weil ich heute keine Zeit habe
sehr müde sein → weil ich sehr müde bin

Huo wa mwisho uchungeni. *Sein* inabadilika sura yote, inakuwa *bin*, *bist*, *ist*, *sind*, na kwa kuwa tumeizoea kwenye *ich bin* tangu siku ya kwanza ya masomo, ndiyo inayotoroka kwenda mbele kuliko zote. *Weil ich bin müde* nalisikia hata kwa watu waliokwisha kufaulu mtihani wa ngazi ya kati. Ipe *sein* mazoezi mara mbili zaidi ya vitenzi vingine.

Vitenzi vinavyokatika vipande viwili, kama *anrufen* na *aufstehen*, hapa vinakuwa vyepesi. Kwenye kishazi kikuu sehemu inayobeba nafsi inaitwa mbele na kipande kidogo kinaachwa nyuma: *Ich stehe um fünf auf.* Kwenye kishazi tegemezi hakuna aliyeitwa, basi vinabaki pamoja na vinaandikwa neno moja: *weil ich um fünf aufstehe*. Ukijikuta umesema *weil ich um fünf stehe auf*, ujue umetunga kishazi kikuu kichwani kisha ukakivisha *weil*. Ile kofia tena.

Hatua ya tatu: vitenzi viwili

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, lakini njia ni ileile. Andika kifungu kizima, nyambua neno la mwisho:

heute lange arbeiten müssen → weil ich heute lange arbeiten muss
gut Deutsch sprechen können → weil sie gut Deutsch sprechen kann
die Prüfung bestanden haben → weil er die Prüfung bestanden hat
schon nach Hause gegangen sein → weil er schon nach Hause gegangen ist

Anayebeba nafsi ndiye anayefunga mlango. Mtu akiuliza kwa nini *muss* iko nyuma ya *arbeiten* na siyo mbele yake, mrudishe kwenye kioo: kulazimika kufanya kazi, *arbeiten müssen*.

Hatua ya nne: anza na kishazi tegemezi

*Weil ich um fünf aufstehe, bin ich abends müde.* Kwa sababu naamka saa kumi na moja alfajiri, jioni nimechoka. Hapa kishazi tegemezi kizima, chote pamoja na urefu wake, kimehesabiwa kuwa kitu cha kwanza cha sentensi kuu. Kiti kinachofuata ni cha pili, na cha pili ni cha kitenzi. Ndiyo maana vitenzi viwili vinatazamana juu ya mkato: *aufstehe, bin*. Ukisikia sikioni kitenzi, mkato, kitenzi, uko sawa. Ukisikia kitenzi, mkato, *ich*, umepotea: *Weil ich um fünf aufstehe, ich bin müde* ni kosa.

Na mkato wenyewe msiuache. Kwa Kijerumani kishazi tegemezi hutengwa kwa mkato, hata pale ambapo kwa Kifaransa au Kiswahili tusingeuweka.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Yule mama alikuwa anajiandaa kuzungumza kama muuguzi anayekabidhi zamu asubuhi. Alitaka kusema: mgonjwa hakulala usiku kwa sababu goti lake la kushoto lilimuuma, amesema hataki kumeza kidonge, daktari akija nitamwuliza kama anaweza kumpiga sindano. Aliandika:

*Die Patientin hat heute Nacht nicht geschlafen, weil ihr linkes Knie hat wehgetan. Sie hat gesagt, dass sie will keine Tablette nehmen. Wenn der Arzt kommt, ich frage ihn, ob er kann ihr eine Spritze geben.*

Maneno yote ni sahihi, msamiati wake ulikuwa mzuri kuliko wangu wa umri ule. Makosa manne yote ni ya viti. Hatukurekebisha sentensi. Tulirudi kwenye karatasi ya jikoni, tukaandika vifungu vitatu: *wehgetan haben*, *keine Tablette nehmen wollen*, *ihr eine Spritze geben können*. Kisha tukaweka vichwa na kunyambua mwisho:

weil ihr linkes Knie wehgetan hat
dass sie keine Tablette nehmen will
ob er ihr eine Spritze geben kann

Likabaki kosa la nne, la vitenzi kutazamana: *Wenn der Arzt kommt, frage ich ihn*. Sentensi ya mwisho ikawa: *Wenn der Arzt kommt, frage ich ihn, ob er ihr eine Spritze geben kann.* Akaisoma mara tatu kwa sauti. Mara ya tatu umeme ulikatika na ubao haukuonekana, akaisema hivyo hivyo gizani bila kukosea. Hilo la gizani nimelifanya zoezi rasmi tangu siku hiyo.

Mazoezi ya kuuzoeza ulimi

Kuelewa huchukua jioni moja, ulimi unataka wiki kadhaa. Fanya dakika kumi kila siku badala ya saa nzima Jumamosi, na fanya kwa sauti. Kuandika peke yake hakutoshi, kwa sababu ukiandika unapata nafasi ya kurudi nyuma na kusahihisha, na mdomo haukupi nafasi hiyo.

Zoezi la kwanza ni ngazi. Unaanza na kishazi kifupi na kukirefusha katikati, huku kitenzi ukikishikilia mpaka mwisho:

weil ich arbeite
weil ich heute arbeite
weil ich heute bis acht Uhr arbeite
weil ich heute bis acht Uhr im Krankenhaus arbeite
weil ich heute bis acht Uhr im Krankenhaus arbeiten muss

Panda kisha ushuke. Kila mstari useme kwa pumzi moja. Ukihitaji kupumua kabla ya kitenzi, mstari bado ni mrefu kwako, rudi mmoja chini. Na usikikazie sauti kitenzi cha mwisho. Kwenye usemi wa kawaida uzito unaangukia neno la kabla yake, *weil ich im Krankenhaus arbeite*, na kitenzi kinashuka taratibu.

Zoezi la pili ni la watu wawili, au wewe na kaye iliyokunjwa. Upande wa kushoto vifungu, upande wa kulia hakuna kitu. Mwenzako anaonyesha kifungu kwa kidole na kutaja kichwa kimoja kati ya hivi vinne:

Ich komme nicht, weil ich …
Ich weiß, dass sie …
Ich weiß nicht, ob er …
Wenn ich …, bin ich froh.

Vifungu vya kuanzia: *auf dem Markt einkaufen*, *spät zurückkommen*, *in Bukavu wohnen*, *krank sein*, *die Mutter anrufen*, *das Visum bekommen haben*, *morgen nach Kigali fahren müssen*. Vingine mtaona vinachekesha mkivichanganya, *Wenn ich krank bin, bin ich froh*, acheni vicheke hivyo hivyo. Siku ya kwanza tumieni kichwa kimoja tu na vifungu vyote. Vichwa vyote vinne mchanganye pale tu ambapo kimoja kinatoka bila kufikiri.

Zoezi la tatu ni kupanda na kushuka kiti. Mmoja anasema kishazi kikuu, mwingine anakitia *weil*, kisha wa kwanza anakirudisha: *Sie ruft die Mutter an. — weil sie die Mutter anruft. — Sie ruft die Mutter an.* Hili ndilo linalojenga hisia ya kitenzi kwenda na kurudi, na ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote.

Utajuaje kama limeingia? Jirekodi kwa simu ukieleza kwa dakika mbili kwa nini umefanya hili na lile leo, kila sentensi iwe na *weil* au *dass*. Halafu usikilize ukitafuta kimya kidogo kabla ya neno la mwisho. Ukimya ule ni kichwa kinachotafuta sheria. Ukimya huo ukipotea, somo limeingia. Ukimya ukiwa bado upo kwenye vitenzi viwili lakini haupo kwenye kimoja, unajua ni vifungu gani vya kurudia kesho.

Mambo matatu yatakayowachanganya

*Denn* nayo maana yake ni «kwa sababu», lakini kitenzi kinakaa cha pili: *Ich komme nicht, denn ich muss arbeiten.* Sababu ni kwamba *denn*, kama *und*, *aber* na *oder*, haikai kwenye kiti. Ni konvwayeri wa teksi: anaita abiria, anagonga bati, lakini hakalii kiti cha mbele. Mwanafunzi anayekimbilia *denn* ili kuikwepa *weil* nitamwelewa siku ya mtihani, lakini mazoezini simruhusu.

La pili, mtawasikia Wajerumani wenyewe wakisema *weil*, wananyamaza kidogo, kisha *ich bin müde*. Wanasema kweli, kwenye mazungumzo. Kwenye karatasi ya mtihani na kwenye barua ni kosa, na wao wenyewe hawaandiki hivyo katika maandishi rasmi.

La tatu ni sentensi ambayo inavunja kanuni yangu ya anayebeba nafsi kufunga mlango: *weil ich nicht habe kommen können*, kwa sababu sikuweza kuja. Vitenzi viwili visivyonyambuliwa vikifuatana hivi, *habe* inaruka mbele yao. Ukiisoma itambue. Ukiwa wewe ndiye msemaji, huna haja nayo, sema *weil ich nicht kommen konnte*: ni *nicht kommen können*, na neno la mwisho limenyambuliwa palepale lilipo.